Kibali cha maadili, ridhaa na upatikanaji wa data: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakaguzi wa tafiti za watu

Ukurasa huu ni wa yeyote anayekabidhiwa makala ya utafiti uliohusisha watu na kuambiwa aikague: mpitiaji wa jarida, mhariri msaidizi, msimamizi wa tasnifu, au mwanafunzi anayechambua makala ya semina. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Matamko haya matatu, la kibali, la ridhaa na la upatikanaji wa data, huwa mafupi na hukaa mwishoni mwa makala, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki.

Nianzie wapi? Kwenye matamko yenyewe?

Hapana. Anza na sehemu ya mbinu. Chukua karatasi uandike mambo machache kabla hujasoma tamko lolote: washiriki ni kina nani na wana umri gani, walikuwa wangapi, walipatikana wapi, data zilikusanywa kuanzia lini hadi lini, walichukuliwa nini (majibu ya dodoso, damu, picha, sauti, majalada ya hospitali), na vitu hivyo vilipelekwa wapi. Baada ya hapo ndipo usome matamko, ukiuliza jambo moja tu: je, yanazungumzia utafiti huu niliouandika hapa?

Ukianza na matamko utajikuta unahesabu kama yapo au hayapo. Karibu kila makala siku hizi inayo, maana mfumo wa jarida haukubali kuipokea bila kujaza visanduku hivyo. Kwa hiyo kuwepo kwake peke yake hakukuambii kitu. Kasoro nyingi huonekana pale tamko linapogongana na mbinu, au tamko moja linapogongana na jingine.

Kama makala ni ya Kiingereza na ni ndefu, tafuta maneno haya kwenye faili lote, maana mara nyingine mwandishi husema jambo moja kwenye mbinu na jingine mwishoni:

```
ethic
consent
assent
waive
availab
```

Tamko la kibali linatakiwa kuwa na nini hasa?

Jina kamili la kamati iliyotoa kibali, nambari ya kibali na tarehe. Tamko linalosema tu kwamba "kibali kilipatikana kutoka mamlaka husika" halina kitu cha kukagua. Mrudishie mwandishi, kwa upole, aandike majina.

Ni vizuri kujua cheti chenyewe kinafananaje. Kwa Tanzania Bara, kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kwa miaka mingi vyeti vyake vimebeba nambari inayoanza na `NIMR/HQ/R.8a/Vol.` Ndani ya cheti utakuta jina la utafiti, mtafiti mkuu, na maeneo ambako utafiti utafanyika. Kisha yanafuata masharti: taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi sita, ruhusa ya NIMR kabla ya kuchapisha matokeo, nakala za machapisho kurudishwa. Na chini kabisa kuna muda wa kibali, ambao ni mwaka mmoja, tarehe hadi tarehe.

Kila kipengele hapo ni swali tayari. Cheti kinataja Morogoro na Pwani, lakini makala ina washiriki wa Dodoma? Jina la utafiti linahusu malaria kwa watoto, lakini makala inahusu afya ya akili ya mama zao? Data zimekusanywa miezi 19 na cheti kimoja cha mwaka kimetajwa? Huhitaji kuwa mtaalamu wa sheria kuona haya. Unahitaji kuwa na cheti mkononi, na jarida lina haki ya kukiomba.

Sharti la ruhusa ya kuchapisha husahaulika sana. Ndiyo maana kwenye makala nyingi za Tanzania utaona, sehemu ya shukrani, mstari unaosema ruhusa ya kuchapisha ilitolewa na Mkurugenzi Mkuu wa NIMR. Usipouona, uliza.

Kibali cha COSTECH au leseni ya NACOSTI si kibali cha maadili?

Si kibali cha maadili. COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya hutoa ruhusa ya kufanya utafiti nchini. Mapitio ya maadili hufanywa na kamati, na kwa Kenya kamati hizo huidhinishwa na NACOSTI yenyewe, mfano ile ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI. Mwandishi anayetaja nambari inayoanza na `NACOSTI/P/` peke yake ametaja nusu. Muombe nusu ya pili. Barua ya mkurugenzi wa halmashauri au ya mganga mkuu wa wilaya nayo ni ruhusa ya kuingia eneo, basi.

Nambari ya kibali ipo na kamati ni ya kweli. Nina sababu ya kuendelea kuchimba?

Unayo, na kuna kisa kinachoonyesha kwa nini. Mwaka 2023 kundi la watafiti lilichapisha uchambuzi wa makala 456 zilizotoka kwenye taasisi moja kubwa ya magonjwa ya kuambukiza huko Marseille, Ufaransa, IHU Méditerranée Infection. Walichofanya kilikuwa rahisi mno: walisoma tamko la maadili la kila makala na kuandika nambari yake. Wakakuta makala 248 zinatumia nambari ileile moja, 09-022, ingawa washiriki, sampuli na nchi zilikofanyikia tafiti hizo zilitofautiana. Makala nyingine 39 hazikutaja nambari yoyote.

Ukiisoma makala moja kati ya hizo 248, huoni shida. Kamati imetajwa, nambari imetajwa, mstari umekamilika. Shida huonekana ukiziweka makala pamoja. Kwa hiyo ukiwa na nambari, ibandike kwenye kisanduku cha utafutaji, ndani ya alama za kunukuu, uone inatokea wapi kwingine. Kazi hiyo ni ya dakika mbili.

Lakini usikimbilie kuhukumu ukiiona mara tano. Zipo programu halali ambazo kibali kimoja huzaa makala nyingi: ufuatiliaji wa watu wa eneo moja kwa miaka, au hifadhi ya sampuli ambayo washiriki wake waliridhia matumizi ya baadaye. Kipimo ni kama makala hizo zote zinaweza kuingia kwenye itifaki moja, yaani mpango mmoja wa utafiti ulioidhinishwa. Makala tano kuhusu watoto walewale wa kliniki zilezile zinaingia. Kinyesi cha wagonjwa wa nchi moja, mate ya wasafiri na damu ya wakazi wa nchi nyingine, vyote chini ya nambari moja, hapo muombe mwandishi akuonyeshe itifaki.

Tarehe ya kibali ni ya baada ya data kuanza kukusanywa. Makala ikataliwe?

Isikataliwe kabla ya kuuliza. Tarehe iliyoandikwa inaweza kuwa ya kuhuisha kibali, si ya kibali cha kwanza. Inaweza kuwa ya marekebisho yaliyoongeza kituo kimoja. Inaweza pia kuwa ya kamati ya pili, wakati ya kwanza ilishatoa kibali mapema.

Ila kama jibu ni kwamba data zilikusanywa kwanza na kibali kikafuatwa baadaye kwa sababu jarida limedai, hilo halirekebishiki kwa kuandika upya sentensi. Kamati hupitia mpango wa utafiti kabla haujamgusa mtu, na kamati makini haitoi kibali cha kurudi nyuma. Hapa kuna tofauti moja ya kuzingatia: majalada ya hospitali yaliyoandikwa 2015 hadi 2019 yanaweza kuchambuliwa kwa kibali cha 2021, kwa kuwa yalikusanywa kwa ajili ya matibabu. Kilichohitaji kibali ni kuyafungua kwa ajili ya utafiti.

Kwa majaribio ya tiba kuna njia nyingine ya kuhakiki tarehe. Majaribio husajiliwa kwenye rejista za umma kama Pan African Clinical Trials Registry au ClinicalTrials.gov, na majarida yanayofuata mwongozo wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, hudai usajili ufanyike kabla mshiriki wa kwanza hajaingizwa. Rejista huonyesha siku ya usajili na siku ya kuanza. Zilinganishe na zilizo kwenye makala.

Mwandishi anasema utafiti "haukuhitaji kibali". Nimkubalie?

Muulize ni nani aliyeamua hivyo. Kuna mambo mawili ambayo waandishi huyachanganya. La kwanza ni utafiti kusamehewa mapitio ya maadili. La pili ni kamati kuupitia utafiti na kuruhusu ufanyike bila kuomba ridhaa ya kila mtu, jambo la kawaida kwa majalada ya zamani ambayo wenyewe hawapatikani tena. Yote mawili ni uamuzi wa kamati, na tamko linapaswa kutaja kamati gani iliamua.

Wanaotumia data za tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, zile za DHS, wako kwenye hali nyepesi. Kwa miaka mingi data hizo zimekuwa zikitolewa bila majina kwa anayejisajili na kueleza anachotaka kufanya. Tamko lao lieleze kwamba utafiti wa awali ulikuwa na kibali na kwamba wao walipewa ruhusa ya kuzitumia. Hilo linatosha kwa majarida mengi.

Kisa kinachoonyesha hatari ya kutouliza ni cha kampuni iitwayo Surgisphere. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua wagonjwa 96,032 wa Covid-19 kutoka hospitali 671 za mabara sita, ikihitimisha kwamba klorokwini na hydroxychloroquine ziliambatana na vifo zaidi. Data zilitoka kwa kampuni hiyo ndogo ya Marekani. Ndani ya siku tatu Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake iliyohusu hydroxychloroquine.

Tarehe 28 Mei watafiti na madaktari zaidi ya mia moja waliandika barua ya wazi. Miongoni mwa hoja zao: hakukuwa na mapitio ya maadili, data hazikuwekwa wazi, na hata majina ya nchi na hospitali zilizochangia hayakutajwa. Wakaongeza hesabu moja inayotuhusu. Idadi iliyodaiwa kutoka Afrika ilimaanisha kwamba karibu asilimia 25 ya wagonjwa wote wa bara hili na asilimia 40 ya vifo vyote vilitokea kwenye hospitali zilizounganishwa na mfumo wa kampuni hiyo, wenye kumbukumbu za kielektroniki za kina. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye chumba cha majalada cha hospitali ya mkoa angeshtuka. Wakaguzi huru walipoombwa kuhakiki, kampuni ilikataa kutoa data zote, ikisema makubaliano na wateja wake hayairuhusu. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa, na siku hiyohiyo New England Journal of Medicine likaondoa nyingine iliyotumia data za kampuni ileile.

Ukiirudia makala ile kwa macho ya mkaguzi, dalili zilikuwa kwenye matamko. Watu elfu tisini na sita, mabara sita, na hakuna kamati hata moja ya hospitali iliyotajwa.

"Washiriki wote walitoa ridhaa ya maandishi." Sentensi hiyo ina tatizo gani?

Tatizo liko kwenye neno "wote". Rudi kwenye karatasi yako uone hao wote ni kina nani.

Wakiwemo watoto chini ya miaka 18, ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na mtoto anayeweza kuelewa huombwa kukubali kwake mwenyewe. Hivyo ni vitu viwili, na makala ivitaje vyote. Saini ya mkuu wa shule haichukui nafasi ya mzazi. Hii ni kasoro ya kila siku kwenye tafiti za shule za bweni, ambako wazazi wako mbali na mkuu wa shule yuko pale pale na kalamu.

Wakiwemo wasiojua kusoma, ridhaa ya maandishi hupatikana kwa dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa timu ya utafiti, aliyekuwepo fomu iliposomwa. Makala ikisema asilimia 30 ya washiriki hawakuwahi kwenda shule, na wakati huohuo haisemi lolote kuhusu shahidi, una swali. Kadhalika lugha. Fomu ya Kiswahili haitoshi kwa bibi wa miaka sabini anayezungumza Kisukuma au Kidatoga tu.

Mwenyekiti wa kijiji au balozi akikubali utafiti ufanyike kijijini kwake, hiyo ni heshima inayotakiwa, ila haimridhii mtu mwingine. Sentensi inayosema "ridhaa ilipatikana kupitia viongozi wa jamii" irudishwe.

Ridhaa ya mdomo inakubalika pale kamati ilipoiruhusu na ilipowekewa kumbukumbu, na kuna tafiti ambazo ndiyo salama zaidi. Kwa wanaojidunga dawa za kulevya, karatasi yenye jina na saini ndiyo hatari yenyewe. Katika hali hiyo mwandishi aandike kwamba kamati iliidhinisha ridhaa ya mdomo na kwa nini.

Mwisho, angalia ridhaa ilihusu nini. Kukubali kutolewa damu kupimwa malaria leo si kukubali damu ibaki kwenye jokofu miaka kumi au ipelekwe ng'ambo kupimwa vinasaba. Fomu nzuri huwa na visanduku tofauti kwa hayo.

Na makala yenye picha ya mgonjwa?

Hiyo inahitaji ridhaa ya kuchapishwa, tofauti na ya kutibiwa au kushiriki. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Mwongozo wa ICMJE unasema hivyo wazi. Kovu, mchoro wa mwili au hata maelezo ya "mwanamke pekee fundi magari wa mji huo" yanamtambulisha mtu kwa majirani zake.

"Data zinapatikana kwa mwandishi zikiombwa." Je, ni tamko halali?

Majarida mengi bado yanalikubali. Kiutendaji ni tamko dhaifu, na ushahidi upo. Watafiti wa Kroatia walizichukua makala za majarida ya BMC zilizochapishwa Januari 2019, wakawaandikia waandishi wa makala 1,792 waliokuwa wamesema wako tayari kutoa data. Waliotoa kweli walikuwa 122, chini ya asilimia 7. Wengi hawakujibu kabisa.

Kwa hiyo muulize mwandishi mambo matatu. Aombwe nani? Anwani ya barua pepe ya mwanafunzi wa uzamili hufa akihitimu. Anwani ya kamati ya data ya taasisi hubaki. KEMRI-Wellcome Trust ya Kilifi, kwa mfano, ina kamati yake inayosimamia maombi ya data. La pili, kwa masharti gani, na nani anayaamua? La tatu, kwa nini data zisiwekwe wazi? Sababu halali zipo: ridhaa haikuruhusu, kundi ni dogo na linatambulika, data ni mali ya wizara, au makubaliano ya kuzihamisha nje ya nchi hayajakamilika. Sababu ikiandikwa, tamko linakuwa la kweli hata kama data zimefungwa. "Kwa sababu za usiri" bila neno la ziada haitoshi.

Kuna tamko jingine ambalo mimi binafsi naliona baya zaidi: "data zote zimo ndani ya makala". Ukifungua makala unakuta jedwali la wastani na asilimia. Hizo si data, ni muhtasari wake. Data ni safu ya kila mshiriki, au angalau zile namba ambazo majedwali na michoro imetengenezwa kutokana nazo.

Kuna kiungo cha data na kinafunguka. Nimemaliza?

Pakua faili. Hesabu safu mlalo. Makala inasema washiriki 412 na faili lina safu 398, uliza 14 wamekwenda wapi. Tafuta maelezo ya vifupisho vya safu wima, maana safu wima iitwayo `q17b` bila ufafanuzi haimsaidii mtu. Fungua na karatasi zilizofichwa ndani ya faili la Excel, huko ndiko majina na namba za simu husahaulika.

Kisha fanya jaribio la utambulisho. Chukua safu wima zisizo na siri peke yake, kama kata, jinsia, umri na kazi, uzipange pamoja uone michanganyiko inayotokea mara moja tu. Safu mlalo kama hii:

```
kata,jinsia,umri,kazi,vvu
K07,ke,52,muuguzi,1
```

Jina halipo, na kata imepewa namba. Lakini makala yenyewe inataja kata zote kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo K07 haikufichwa. Na kata hiyo ina zahanati moja. Mkazi yeyote wa pale anajua muuguzi wa makamo ni nani, na sasa anajua majibu yake ya VVU. Marekani, mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba msimbo wa posta, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa vilitosha kuwatofautisha takriban asilimia 87 ya watu wa nchi ile.

Tiba ni kupunguza ukali wa data: umri uwe wa makundi ya miaka mitano au kumi, kata iwe wilaya, kazi adimu ziunganishwe. DHS hufanya hivyo kwa ramani. Alama za mahali za vijiji huhamishwa kwa makusudi hadi kilomita 2 mjini na 5 vijijini, na sehemu ndogo ya vijijini hadi kilomita 10. Ukiikuta faili ya aina hii ya muuguzi tayari iko hadharani, usisubiri mzunguko wa mapitio. Mwandikie mhariri siku hiyohiyo aliondoe faili kwanza, mjadala ufuate.

Naomba mfano mmoja mzima.

Huu nimeutunga, ila kila kipande chake ni cha kawaida. Makala inahusu upungufu wa damu kwa wasichana 386 wa miaka 13 hadi 19 katika shule sita za sekondari za bweni Tanzania. Damu mililita 5 ilichukuliwa kati ya Februari na Julai 2021, na sehemu yake ilipimwa akiba ya madini ya chuma kwenye maabara ya nje. Matamko yanasema: kibali kilitolewa na kamati ya chuo tarehe 15 Machi 2021, washiriki wote walitoa ridhaa ya maandishi, data zote zimo ndani ya makala.

Jambo la kwanza ni Februari. Mhariri anauliza, na mwandishi anatuma vyeti viwili. Cha kwanza kilitolewa 9 Machi 2020 na kiliisha 8 Machi 2021. Kazi ilichelewa kwa kuwa shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19. Cha pili, cha tarehe 15 Machi, ni cha kuhuisha. Kwa hiyo Februari imefunikwa na swali kubwa limejibiwa. Lakini tazama: kati ya 9 na 14 Machi hapakuwa na kibali hai. Mhariri anaomba orodha ya siku za kuchukua damu, bila majina. Wasichana 22 walichukuliwa damu tarehe 10 na 11.

Si kosa la kuizika makala, na pia si la kunyamazia. Mwandishi anatakiwa kuiarifu kamati, na kamati ndiyo iamue kama data za hao 22 zitumike. Uamuzi huo unaandikwa kwenye makala, pamoja na uchambuzi uliorudiwa bila hao 22 ili msomaji aone kama matokeo yanayumba.

La pili ni sampuli kwenda nje. Utafiti wenye sampuli zinazosafirishwa hupitia kamati ya taifa na huhitaji makubaliano ya kuhamisha sampuli. Tamko limetaja chuo tu. Mwandishi akiwa na hati hizo, aziongeze. Asipokuwa nazo, vipimo vya maabara ya nje haviwezi kubaki kwenye makala kabla mamlaka haijasema.

La tatu ni "wote". Wasichana wa miaka 18 na 19 walijisainia, sawa. Wa chini ya hapo? Fomu tupu iliyotumwa ina mahali pa saini ya "mzazi/mlezi/mkuu wa shule". Alama ya mkwaju inabeba tatizo zima. Mhariri anauliza ni wangapi walisainiwa na wazazi na wangapi na mkuu wa shule, na kama kamati iliipitisha fomu hiyo ikiwa hivyo. Majibu ndiyo yatakayoamua hatima ya makala hii, kuliko zile siku sita za Machi.

La nne, data. Majedwali tu yamo. Na kwa kuwa shule zimetajwa kwa majina, faili lenye shule, kidato na umri lingewataja baadhi ya wasichana. Tamko linalofaa hapa ni data kuhifadhiwa na chuo, na kutolewa kwa ombi linalopitiwa na kamati, bila safu wima ya shule.

Nidai fomu za ridhaa zilizosainiwa kama ushahidi?

Usidai. Utakuwa umekusanya majina na saini za watu ambao waliahidiwa majina yao hayatatoka kwa watafiti. Omba fomu tupu iliyopigwa muhuri wa kamati, katika lugha iliyotumika, na cheti. Ukiwa na shaka kubwa kuhusu fomu zilizojazwa, kamati iliyotoa kibali ndiyo yenye mamlaka ya kwenda kuzikagua kabatini.

Nimeona kasoro kwenye makala iliyokwisha kuchapishwa. Nimwandikie nani, na nini?

Mhariri wa jarida kwanza. COPE, chombo cha maadili ya uchapishaji, kina michoro ya hatua ambazo mhariri hufuata: humuuliza mwandishi, na jibu lisiporidhisha huiandikia taasisi au kamati. Barua yako iwe fupi, itaje ulichoona bila kudhania nia ya mtu:

"Ndugu Mhariri, katika makala hii data zilikusanywa kuanzia Februari 2018 (sehemu ya mbinu, aya ya pili), ila tarehe ya kibali iliyotajwa ni Agosti 2018. Nambari hiyohiyo ya kibali imetajwa kwenye makala nyingine ya waandishi hao kuhusu wagonjwa wa hospitali tofauti. Naomba jarida lipate kutoka kwa waandishi cheti cha kibali pamoja na itifaki iliyoidhinishwa, na kuwajulisha wasomaji matokeo."

Hifadhi nakala ya makala kama ilivyo siku hiyo, maana matamko hubadilishwa kimyakimya mara nyingine. Jibu huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Mhariri asipojibu, kamati iliyotajwa kwenye tamko ndiyo ya kuandikiwa, kwa kuwa yenyewe ina jalada na inajua kama nambari ile ni yake.